Insha Nadhifu Mbele ya Kigunduzi

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza wanaoufanya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kando yake wakaweka insha 88 za wanafunzi wa Marekani wa darasa la nane. Zote zilikuwa kazi ya mikono ya watu. Kisha wakazipitisha katika vigunduzi saba, yaani programu zinazodai kutambua maandishi yaliyotungwa na akili mnemba.

Insha za Wamarekani zilipita salama karibu zote. Za TOEFL, kwa wastani wa vigunduzi hivyo saba, zaidi ya asilimia 61 zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Insha 18 zilihukumiwa na vigunduzi vyote saba kwa kauli moja, na 89 kati ya 91 zilitiwa doa na angalau kimoja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyofichua chanzo. Watafiti waliiagiza ChatGPT izipambe insha zile za TOEFL kwa msamiati mpana zaidi, kama wa mzawa wa lugha. Kiwango cha kushutumiwa kikaporomoka hadi takriban asilimia 12. Wakazigeukia insha za Wamarekani, wakaagiza msamiati wake urahisishwe, na kiwango chake kikapanda kupita nusu. Kwa maneno mengine, insha ya TOEFL iliyoguswa na mashine ilipita, na ile ambayo mashine haikuigusa kabisa ikanaswa. Sampuli ilikuwa ndogo na vigunduzi vilikuwa vya mwanzo mwanzo, kwa hiyo asilimia hizo zisichukuliwe kuwa za leo. Lakini jaribio lilionyesha wazi kwamba vigunduzi vile havikuwa vinamtafuta mwandishi. Vilikuwa vinapima kitu kingine.

Kitu hicho ni utabirikaji. Modeli ya lugha inaposoma sentensi, kwa kila neno hujiuliza: baada ya maneno yaliyotangulia, neno hili lilikuwa na uwezekano gani wa kuja? Tuchukue mfano wa maneno manne. Tuseme kila neno lilikuwa na uwezekano wa 0.5. Ukizidisha uwezekano wote unapata 0.0625; ukigawa 1 kwa namba hiyo unapata 16; na kipeuo cha nne cha 16 ni 2. Hicho ndicho kipimo cha mshangao: modeli ilikuwa kama mtu anayechagua kati ya maneno mawili kila mara. Sasa chukua maneno manne mengine yenye uwezekano wa 0.5, 0.05, 0.2 na 0.02. Zao lake ni 0.0001, na kwa hesabu ileile mshangao unafika 10. Maandishi ya kwanza yatashukiwa, ya pili yataachwa. GPTZero, mojawapo ya vigunduzi vya mwanzo kujulikana sana, iliongeza kipimo cha pili: je, mshangao huo unapanda na kushuka kutoka sentensi hadi sentensi, au uko sawa muda wote? Vigunduzi vya baadaye hufunzwa kwa mifano mingi ya maandishi ya watu na ya mashine badala ya kutegemea hesabu hizi mbili peke yake, lakini ulaini na usawa wa maandishi hubaki miongoni mwa dalili ambazo mafunzo hayo yanaweza kuzishika.

Ukishaielewa hesabu hiyo, huhitaji kuuliza sana ni nani atakayeumia. Mwandishi rasmi amefundishwa kutomshangaza msomaji. Anaanza kwa kutaja kusudi, anapanga hoja kwa kwanza, pili na tatu, anaunganisha aya kwa viunganishi vinavyojulikana, anafunga kwa hitimisho. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kidato cha kwanza, mara nyingi Kiingereza chake cha kuandika ni kile cha mtihani: misemo iliyokubalika, sarufi iliyochungwa, hakuna mzaha. Alipewa alama kwa nidhamu hiyo. Akifika chuo cha ng'ambo, nidhamu ileile inasomwa kama alama ya kidole cha mashine. Na mashine nazo zilifunzwa kwa wingi wa maandishi rasmi ya namna hiyo, kisha zikanolewa ziwe na adabu na mpangilio. Ufanano huo haumaanishi kwamba mwandishi amenakili.

Kwa watu ambao ubongo wao hufanya kazi tofauti na wa wengi, njia ni nyingine ingawa mwisho ni uleule. Baadhi ya watu wenye usonji hupenda muundo mmoja unaorudiwa, huchagua neno moja sahihi na kulishikilia badala ya kubadilisha visawe, na huandika kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kurudia neno lilelile hupunguza mshangao. Sauti tambarare hupunguza mawimbi kati ya sentensi. Mwenye disleksia huja kwa mlango tofauti: huenda akatumia programu ya kusahihisha tahajia na sarufi, pengine kwa ruhusa ya chuo chenyewe, na programu hiyo humpangusia sehemu ya mikwaruzo ambayo ingemwonyesha kuwa ni mtu. Si kila mwenye usonji au disleksia anaandika hivyo. Lakini anayeandika hivyo hawezi kuambiwa abadilike kirahisi, kwa kuwa ndivyo anavyofikiri.

Mwaka 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kisa cha mwanafunzi mwenye usonji katika chuo kimoja cha Missouri, Marekani. Alipewa sifuri baada ya kigunduzi kumtaja. Alipoeleza kwamba mtindo wake wa kuandika una utaratibu mkali kwa sababu ya hali yake, alama ilirekebishwa, lakini akaonywa kwamba akitajwa tena kazi yake itahesabiwa kuwa wizi wa maandishi. Onyo hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Mtindo wake haujabadilika, kigunduzi hakijabadilika, kwa hiyo kutajwa tena kulikuwa jambo la kutarajiwa. Aliachiwa kosa la kesho kabla hajalitenda, na akaanza kurekodi skrini yake anapofanya kazi za chuo.

Taasisi nyingi hujitetea kwa kusema kiwango cha makosa ni kidogo. Hapo inafaa kupiga hesabu polepole. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake Januari 2023, ikaeleza wazi kwamba katika majaribio yake kilitambua asilimia 26 ya maandishi ya mashine na kuyashutumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya watu. Chukua insha 1,000, na tuseme 100 kati yake ni za mashine. Kigunduzi kitanasa 26. Kati ya 900 za watu, kitazishutumu 81. Mwalimu ataletewa majina 107, na 81 hawana hatia. Kampuni ilikiondoa kigunduzi hicho Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo.

Turnitin ilipoanza huduma yake ya kugundua maandishi ya akili mnemba Aprili 2023 ilidai kosa la chini ya asilimia moja. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipiga hesabu yake: kazi 75,000 zilipitia Turnitin mwaka 2022, na asilimia moja ya hizo ni 750. Agosti 2023 kilikizima kigunduzi hicho. Mimi naona hesabu ya Vanderbilt bado ilikuwa ya upole, maana asilimia moja ni wastani wa wote. Makosa hayagawanywi sawa. Kwa mwanafunzi mwenye mtindo huru yanaweza kukaribia sifuri, na kwa yule mwenye mtindo tambarare yakajirudia katika kila kazi anayowasilisha muhula mzima. Wastani huficha kwamba ni watu walewale wanaoitwa kila mara.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa taasisi ni kuamua kwa maandishi kwamba alama ya kigunduzi haifungui kesi peke yake. Turnitin yenyewe huwaambia watumiaji wake alama hiyo isiwe msingi pekee wa kumchukulia mtu hatua. Kinachoweza kufungua kesi ni jambo linaloweza kukaguliwa: rejea ambayo haipo duniani, nukuu ambayo haimo katika kitabu kilichotajwa, data ambayo mwanafunzi hakuikusanya, jibu lisilogusa swali la darasa lile. Sarufi safi na mpangilio mzuri si ushahidi. Vivyo hivyo hisia ya msahihishaji kwamba insha "inasikika kama mashine", kwa kuwa sikio lake linaweza kusikiliza ulaini uleule unaopimwa na kigunduzi.

Hatua ya pili ni kulinganisha mwandishi na yeye mwenyewe. Mwanzoni mwa muhula darasa zima liandike ukurasa mmoja mbele ya mwalimu, na mwenye ruhusa ya kutumia kompyuta au programu ya kusaidia aitumie. Ukurasa huo uhifadhiwe. Likizuka shaka, swali liwe: je, kazi hii inafanana na mkono wa mtu huyu? Aliyekuwa na sentensi za urefu mmoja na viunganishi vilevile Septemba hatashangaza akiwa navyo Desemba.

Baada ya hapo ndipo taasisi nyingi hukimbilia historia ya faili na mahojiano ya ana kwa ana. Vyote vinafaa, na vyote vinaweza kumuumiza yuleyule tunayetaka kumlinda. Historia ya faili katika Google Docs huonyesha maandishi yakikua hatua kwa hatua. Lakini wapo wanaotunga kichwani siku nzima kisha wakaandika kurasa tatu kwa mkupuo mmoja usiku, wapo wanaoandika kwa kuongea na programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, na wapo wanaoanza kwenye daftari au programu nyingine kisha wakabandika. Faili zao zitaonekana kama zimepachikwa. Historia ikubaliwe kama utetezi pale ilipo. Kukosekana kwake kusihesabiwe dhidi ya mtu.

Mahojiano yanahitaji uangalifu zaidi. Mwenye usonji aliyeitwa ghafla mbele ya watu watatu anaweza kunyamaza, kutazama meza, au kujibu kwa neno moja, na wajumbe wakasoma hatia. Apewe maswali kwa maandishi siku chache kabla, aruhusiwe kuja na mtu wa kumsaidia, na aruhusiwe kujibu kwa kuandika. Maswali yahusu kazi yenyewe: kwa nini ulichagua chanzo hiki, aya ya tatu inategemea nini, ungeiondoa sehemu gani. Kumbukumbu za kikao ziandike alichosema, zisiandike alivyotazama. Huko England, Scotland na Wales, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inavitaka vyuo viwafanyie wanafunzi wenye ulemavu marekebisho yanayofaa, na sioni sababu ya wajibu huo kuishia mlangoni mwa chumba cha nidhamu.

Muda wote shauri likiendelea, alama ibaki wazi bila sifuri, na mwanafunzi aendelee na masomo mengine. Akionekana hana hatia, aandikiwe barua inayosema hivyo, shauri lifutwe kwenye faili lake, na walimu wake wajue kwamba mtindo ule umeshathibitishwa kuwa wake. Na ofisi ya taaluma ihesabu kila mwaka ni wangapi walioshutumiwa, wangapi waliosafishwa, na ni wangapi kati yao wenye ulemavu uliosajiliwa au wanaosoma kwa lugha ya pili.