Mizani haitoshi: saa ifunguliwe

Tuchukue tangazo la mtandaoni la Rolex Submariner 116610LN, ya chuma, toleo lililotengenezwa kati ya 2010 na 2020. Muuzaji ametuma picha ya saa ikiwa juu ya mizani ya jikoni, kana kwamba gramu zinamaliza ubishi. Hazimalizi. Chuma cha bandia nacho ni chuma, na kila pingili inayotolewa kwenye mkanda hupunguza uzito, kwa hiyo hata saa mbili orijino zinaweza kutofautiana. Mizani hufichua tu feki za ovyo, zenye mkanda wa bati lililokunjwa. Ingekuwa ya dhahabu, mambo yangebadilika: kwa ujazo uleule, dhahabu ya karati 18 inakaribia kuwa na uzito mara mbili wa chuma, na aliyepaka rangi ya dhahabu juu ya chuma hana pa kujificha.

Kwa saa ya chuma, anza na mshale wa sekunde. Mashine ya toleo hili, 3135, hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani hatua nane kila sekunde. Omba video ya mwendo wa polepole, kisha uzihesabu. Zikiwa sita, umeshapata jibu. Zikiwa nane bado hujapata, maana bandia nyingi siku hizi nazo hupiga nane.

Hapo ndipo mfuniko wa nyuma unapobidi kufunguliwa. (Ukiwa wa kioo, usijisumbue: Submariner haijawahi kutoka kiwandani hivyo.) Tazama gurudumu linalocheza huku na huku. Kwenye 3135 limeshikwa na daraja lililofungwa kwa skrubu pande zote mbili. Bandia za bei nafuu hutumia nakala ya ETA 2824, ambayo gurudumu lake hushikwa upande mmoja tu, na juu yake kuna kijiti cha kusogeza ili saa iende haraka au taratibu. Rolex hawana kijiti hicho. Mwendo hurekebishwa kwa nati ndogo zilizo ndani ya ukingo wa gurudumu lenyewe.

Bandia za gharama huiga hata daraja. Zinapojikwaa ni kwenye umaliziaji: kwa lenzi ya fundi, kingo za vyuma zina mikwaruzo ya mashine, na mifereji ya skrubu ina ncha kali ambazo hazikusuguliwa. Skrubu peke yake isikuhukumie saa, kwani fundi mzembe huharibu hata ya orijino. Lakini kingo ambazo hazijawahi kung'arishwa si kazi ya fundi wa mtaani.

Bado picha ya mashine inaweza kuwa ya saa nyingine. Namba ya mfululizo ya 116610LN imechongwa kwenye pete ya ndani chini ya kioo, upande wa chini. Dai video moja isiyokatwa, ianze kwenye namba hiyo, igeuze saa na kuingia ndani ya mfuniko ulio wazi.