Barua Tatu za Kijana Mmoja

Leo twataka kupima barua ya kuomba kazi kama fundi apimavyo ubao, tuone ilipopinda na sababu ya kupinda kwake. Mwandikaji ni kijana wa kijiji chetu, aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani. Ametupa ruhusa tuichapishe barua yake, mradi tusimtaje jina. Chama cha ushirika cha maziwa kilibandika tangazo dukani kwamba kinatafuta mtu wa kupokea maziwa asubuhi. Kijana akaandika hivi:

“Niaje bosi. Nimeskia mnatafuta msee wa kupima maziwa. Mimi nko rada na hiyo kazi juu nimefanyanga na mzae kwa miaka mbili. Vyeti zangu ziko. Mkinipea chansi hamtajuta. Nangoja simu.”

Katibu wa chama ni mzee wa miaka zaidi ya sitini. Aliisoma mara mbili, akaiweka kando.

Wengi watasema kwa haraka kwamba kosa ni Sheng. Ni kweli, lakini na tuseme kwa haki. Sheng ilikulia katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na vijana huitumia kujuana wao kwa wao. Kazi yake ni hiyo hasa: aijuaye yumo ndani, asiyeijua yuko nje. Basi mtu akimwandikia mzee “niaje” na “msee”, amemfungia mlango yule yule anayemwomba amfungulie. Kijana alipoandika kwamba yuko “rada” alitaka kusema yu tayari, tena yu macho. Katibu alituuliza kama kijana huyu amewahi kufanya kazi ya ndege.

Hata hivyo, maneno ya Sheng katika barua hiyo hayazidi matano, na kuyaondoa ni kazi nyepesi, kwa maana mwandikaji mwenyewe ayajua. Hatari kubwa zaidi ni mikato ya mazungumzo, ambayo huingia bila kusikika. Tazameni “nimeskia” na “nko”. Hapo sauti imemezwa, kama tumezavyo sote tunapoongea. Kalamu yataka “nimesikia” na “niko”. Tazameni “nimefanyanga”. Ile “nga” ya mwisho wengi wetu huitumia nyumbani kwa kuonyesha desturi, lakini Kiswahili cha kuandikwa kina “hu” ya mwanzo kwa kazi hiyo: mimi hufanya, yeye hufanya. Na kwa jambo lililodumu miaka miwili, husemwa “nimekuwa nikiifanya”. Tazameni “mkinipea”. Kitenzi “pa” kimekwisha kumbeba mpokeaji ndani yake, hakihitaji kuongezwa kitu, “mkinipa” yatosha. “Juu” nayo ni ya mahali, kama juu ya meza. Sababu huelezwa kwa “kwa sababu” au “kwa kuwa”. Mwisho, “miaka mbili” ni “miaka miwili”, na “vyeti zangu” ni “vyeti vyangu”.

Njia ya kuyakamata makosa haya ni moja. Isome barua kwa sauti, polepole, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo sauti zilizomezwa zitajitokeza. Kisha weka kidole juu ya kila jina, utazame neno linalolifuata, kama lakubaliana nalo.

Sasa twaungama kosa letu. Kijana alituletea barua yake tuisahihishe, nasi tuliisahihisha hata ikafa. Tulimwandikia hivi: “Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetajwa hapo juu naleta ombi langu mbele ya ofisi yako tukufu, nikitumaini kwa unyenyekevu mkubwa kwamba litazingatiwa ipasavyo.” Hamna Sheng humo, wala hamna sauti iliyomezwa. Katibu aliisoma, akatuambia, “Mwalimu, barua hii ni safi, lakini sijui ni ya nani. Ningeweza kuipokea kutoka kwa mtu yeyote wa wilaya hii.”

Maneno hayo yalituchoma. Tulikuwa tumedhani kwamba heshima ni wingi wa maneno makubwa. Lakini heshima ikirudiwa mara tatu katika sentensi moja hugeuka kelele, na msomaji huhisi anasukumwa. Barua ya kwanza angalau ilikuwa na mtu ndani yake. Ilisema juu ya baba na miaka miwili ya kazi. Sisi tuliyafuta hayo pamoja na makosa. Tulitupa maziwa pamoja na nzi.

Basi tuliketi naye tena, tukamwuliza hasa alikuwa akifanya nini na baba yake. Ndipo ikatoka barua ya tatu. Juu upande wa kulia aliweka anwani yake na tarehe, kushoto anwani ya chama, kisha akaandika:

“Kwa Bwana Katibu,

KUH: OMBI LA KAZI YA KUPOKEA MAZIWA

Nimesoma tangazo lenu lililobandikwa dukani, nami naiomba kazi hiyo. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimsaidia baba yangu kupokea maziwa ya majirani kila alfajiri, kabla ya gari lenu kufika. Nimezoea kuyapima kwa laktomita, na najua kwamba chombo hicho huzama zaidi maziwa yakitiwa maji. Mara mbili ilinibidi kumrudishia jirani maziwa yake. Nilimweleza kwa upole, wala hakuacha kutuletea.

Nimehitimu kidato cha nne, na nimeambatisha nakala za vyeti vyangu. Ningefurahi kuja kuwaona siku yoyote mtakayonipangia. Asanteni kwa kunisomea barua hii.

Wako mwaminifu,”

Hapa chini akatia sahihi na jina lake.

Huenda mtu akauliza, uchangamfu wa barua hii umetoka wapi, maana haina hata salamu ya “hamjambo”? Twaona umetoka mahali pawili. Kwanza ni katika vitenzi. “Ningefurahi kuja” haimlazimishi mtu kama “nangoja simu”. “Mtakayonipangia” yamwachia katibu uamuzi wa siku. “Kunisomea” yakiri kwamba msomaji ametoa wakati wake kwa ajili ya mwombaji. Viungo hivi vidogo ndivyo adabu ya Kiswahili, wala havihitaji “taadhima”. Pili ni katika habari ya yule jirani. Apokeaye maziwa hugombana na watu kila asubuhi, na katibu alijua hivyo kuliko sisi. Sentensi ile moja ilimwambia kwamba kijana huyu aweza kukataa maziwa mabaya bila kumpoteza mwenye ng’ombe. Neno “hamtajuta” katika barua ya kwanza lilikuwa ahadi tupu. Hapa ahadi ile ile imeletwa na ushahidi wake.

Kijana aliitwa kwa mahojiano. Kazi yenyewe alipewa mwingine, aliyekuwa amepokea maziwa miaka sita katika chama cha jirani, wala hatuna neno juu ya hilo. Lakini katibu hakuitupa barua. Mvua zilipokuja, na majani na maziwa yakazidi, chama kilihitaji mtu wa pili. Hawakubandika tangazo lingine dukani. Walimtuma mtoto kumwita yule kijana aliyejua kumrudishia mtu maziwa yake.