Baiskeli Inaposema: Maneno Juu ya Wimbo wa Temeke

Kijana mmoja wa Temeke alinisomea wimbo alioutunga, nao nataka kuupima mbele yenu. Msemaji wake ni baiskeli kuukuu ya babaye, iliyobeba mkaa miaka mingi kutoka Mkuranga, kupitia Kongowe na Mbagala, mpaka majumbani mwa Temeke.

Kukipa kitu kinywa ni desturi ya zamani katika ushairi wetu. Ila kina sharti lake: kitu kiseme yale tu ambayo mwili wake umeyajua. Ubeti wa kwanza umevunja sharti hilo:

Nimefanya kazi sana, kwa upendo na imani.

Mizani ni 16, nane kila upande, kama alivyoeleza Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za mashairi cha mwaka 1954. Vina havikosi. Lakini punda aweza kuyasema hayo, na jembe pia, hata mpishi wa shule. Baiskeli iko wapi? Sasa sikieni mstari wa ubeti wa tatu:

Leo gunia hakuna, kuna mwana keriani.

Mizani ni ile ile na vina ni vile vile, lakini hapa chuma kimesema. Baiskeli haijui kwamba ni siku ya kwanza ya shule. Imejua tu kwamba mzigo umepungua na kwamba unachezacheza. Sisi wasikiao ndio tunaojua lililobaki, na furaha ya wimbo imo humo.

Ubeti wa nne ndio ninaoupenda kupita zote. Atokaye Kongowe huteremka bonde la Mto Mzinga, kisha hupanda kuelekea Mbagala. Hapo mwenye mkaa hushuka akasukuma, maana uzito wote uko nyuma, na spoki za gurudumu la nyuma ndizo zitanguliazo kukatika. Baiskeli yasema kwamba zamani ilisukumwa pale ikiwa na magunia. Siku hizi yasukumwa pale pale, na keria ni tupu. Neno uzee halikutajwa. Mimi nalinyamaza kitambo niliposikia hayo.

Katika ubeti wa tano baiskeli yauzwa kuwa chuma chakavu. Mnunuzi aitundika kwenye mizani, na ile iliyopima mizigo ya wengine maisha yake yote, leo yapimwa yenyewe kwa kilo. Naam, hapo wimbo umekwisha.

Lakini kijana ameongeza wa sita, baiskeli ikiwausia watoto washike elimu na wawaheshimu wazazi. Nalimwuliza, “Mwanangu, imeyajuaje hayo, nayo imekwisha kukatwa vipande?” Akacheka, akanijibu, “Mwalimu, naliogopa watu wasielewe.”

Nikamwomba ausome tena mbele ya mama yake, akomee ubeti wa tano. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliposikia habari ya mizani aliweka ungo chini, akauliza ilikuwa kilo ngapi.