Wagonjwa wasiopimwa 153

Daftari lake ni la mistari, la kawaida, lile la wanafunzi. Kila ukurasa ameugawa kwa rula sehemu tatu: neno lilivyo kwenye karatasi za Kifaransa au za Kiingereza, neno alilolichagua, na maana kwa sentensi moja. Sehemu ya tatu ndiyo pana kuliko zote. Anaandika kwa penseli, na kifutio chake kimebaki kipande kidogo kama punje ya hindi.

Huku Butembo wanamwita Mwalimu, ingawa darasani hajaingia miaka mingi. Kazi aliyopewa ni ripoti ya Kiswahili juu ya mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti mosi 2018 na kumalizika Juni 25, 2020. Wasomaji wake ni wa kila namna. Yuko muuguzi wa Beni aliyesomea kazi kwa Kifaransa, yuko chifu wa mtaa anayezungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, na yuko mtaalamu wa Nairobi aliyezoea Kiswahili cha magazeti. Wote watashika karatasi moja. Nilikaa naye siku mbili nikimtazama.

Asubuhi ya kwanza haandiki chochote. Anasoma rasimu aliyoletewa na kupigia mstari kila neno lililoazimwa. La kwanza ni "kesi". Rasimu inasema kulikuwa na kesi 3,470. Jirani mmoja mfanyabiashara, ambaye hupeleka kahawa Kasindi mpakani, aliombwa asome ukurasa huo kwa sauti, akasimama hapo hapo: "Mwalimu, hizi kesi zilienda tribinali gani?" Alicheka, lakini Mwalimu hakucheka. Alifuta. Mtaalamu wa Nairobi angependa "visa", kama redio za kwao zinavyosema. Akalikataa pia, kwa kuwa kwa msomaji wa Butembo kisa ni hadithi, na visa ni muhuri wa pasipoti. Mwishowe akauliza swali jepesi: wanaohesabiwa hapa ni nini? Ni watu waliougua. Akaandika "wagonjwa".

Hapo nikadhani tumemaliza. Kumbe ndipo kazi ilipoanza, maana wagonjwa hugawanywa makundi matatu: wanaoshukiwa, wenye uwezekano, na waliothibitishwa. Kwenye rasimu makundi hayo yalikuwa yanabadilishana majina. Ukurasa wa 4 "mshukiwa", ukurasa wa 9 "anayedhaniwa", ukurasa wa 11 "mwenye uwezekano mkubwa", na wakati mwingine maneno mawili tofauti yalimhusu mtu yule yule. Mbaya zaidi, "mshukiwa" kwa msomaji wa Kenya ni mtu aliyekamatwa na polisi. Mama aliyepelekwa kituoni kwa homa hakustahili jina hilo.

Mwalimu aliacha maneno akaenda kwenye mambo yenyewe. Alimwomba muuguzi amweleze kila kundi bila kulitaja jina. La kwanza: mtu ana homa na dalili nyingine, damu yake imechukuliwa au itachukuliwa, jibu halijatoka. Hata jibu likisema hana, kama dalili zilianza chini ya siku tatu zilizopita atapimwa tena baada ya saa 48, kwa sababu mwanzoni virusi huwa vichache mno katika damu kuonekana. La tatu ni rahisi, maabara imesema ndiyo. La katikati ndilo gumu. Huyu alikuwa na dalili, tena alikuwa na uhusiano unaojulikana na mgonjwa aliyethibitishwa, lakini sampuli haikupatikana. Katika hesabu ya mwisho, kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kuzikwa.

Penseli ilikaa hewani muda mrefu. Kisha akaandika, moja chini ya jingine: "anayesubiri kipimo", "asiyepimwa", "aliyethibitishwa na maabara". Niliyatazama nikaona alichofanya. Maneno ya zamani yalipima shaka iliyo kichwani mwa daktari, na shaka haina mizani. Haya mapya yanasimama juu ya kitu kimoja ambacho kila msomaji anakijua, kipimo: bado, hakikufanyika, kimetoa jibu.

Akayajaribu. Alichukua sentensi kumi za rasimu, kila palipo na jina akaingiza maelezo yake yote marefu, akasoma kama sentensi bado ni ya kweli. Mbili zilivunjika. Moja, kwa jina jipya, ilisema "wasiopimwa walipelekwa kwenye kituo cha matibabu", jambo lisilowezekana kwa watu waliokwisha kufa; aliyeandika alikuwa na maana ya wanaosubiri kipimo. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwanzo. Neno legevu lilikuwa limelificha.

Si kila neno la kigeni alilifukuza. Yule anayefuatiliwa siku 21 kwa kuwa alikuwa karibu na mgonjwa, wengine walimwita "aliyemgusa". Mwalimu akauliza: na aliyefua mashuka yake, asimguse? Huyo naye anahesabiwa. "Mtu wa karibu" nalo likashindwa, kwani jirani wa ukuta kwa ukuta ni wa karibu na huenda hahusiki. Akabaki na "kontakti", akalieleza mara ya kwanza linapotokea, na daftarini akaandika hata upatanisho wake: kontakti huyu, kontakti hawa. Mimi nilitaka Kiswahili kitupu. Sasa nakubali kwamba neno la kuazima lililoelezwa ni bora kuliko neno la nyumbani linalosema uongo.

Siku ya pili ilikuwa ya chanjo. Mfasiri aliyetoka kwenye Kiingereza aliandika "chanjo ya pete". Aliyetoka kwenye Kifaransa, "chanjo ya mkanda". Msomaji angehesabu chanjo mbili, na muuguzi wa Tanzania angekumbuka mkanda wa jeshi, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Jambo lenyewe ni kwamba wanachanjwa kontakti wa mgonjwa, kisha kontakti wa hao kontakti, ili virusi vikose pa kupita. Akaandika "chanjo ya kumzunguka mgonjwa". Ni ndefu, inachosha mkono, lakini inajieleza.

Kusawazisha ndiko kulikochukua mchana mzima. Kwenye kompyuta hakutafuta neno zima, maana kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Alitafuta mzizi: thibitish, pim, shuk. Huo wa mwisho ulimletea pia "shukrani", "kushuka" na mashuka, akayapita moja moja bila kununa. Kubadilisha yote kwa mpigo alikataa. Alisema upatanisho ungekatika na sentensi zingechechemea.

Jioni alimpa mtu mwingine, ambaye hakuona rasimu, arudishe kurasa mbili kwa Kifaransa. Palipotofautiana na asili palikuwa mahali pamoja tu, akaparekebisha. Kisha jirani wa kahawa akaitwa tena asome kwa sauti, akasoma moja kwa moja bila kusimama: wagonjwa 3,470, waliothibitishwa na maabara 3,317, wasiopimwa 153, waliofariki 2,287.