Ama Dawa, Ama Imani: Uchunguzi wa Hoja Tatu

Kando ya vitanda vya wagonjwa husikika mara nyingi usemi huu: "Ama unategemea dawa, ama unamtegemea Mungu." Wausemao huutetea kwa kanuni tatu za mantiki ambazo zenyewe ni halali. Kosa limo katika matumizi yake, na anayelipa gharama ni mgonjwa wa kisukari aliyeacha sindano zake za insulini.

Kanuni ya kwanza ni ya mtengano: ama A, ama B, si A, basi ni B. Kanuni hii ni halali. Lakini mhubiri huipindua: "Ama dawa, ama Mungu, huyu anatumia dawa, basi hamtegemei Mungu." Kuthibitisha upande mmoja hakukanushi upande wa pili, isipokuwa imeonyeshwa kwanza kwamba viwili hivyo haviwezi kuwapo pamoja. Timotheo alishauriwa kutumia mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Tim. 5:23), wala hakuhesabiwa kuwa ameiacha imani.

Kanuni ya pili ni mnyororo wa masharti: kama A, basi B, kama B, basi C, kwa hiyo kama A, basi C. Husemwa: "Ukiacha dawa, una imani; ukiwa na imani, utapona; kwa hiyo ukiacha dawa, utapona." Umbo la hoja ni sahihi, lakini neno "imani" limebadilika maana. Kwanza ni tendo la kutupa dawa, kisha ni tumaini la moyo. Hapo mnyororo umekatika. Hata pete ya pili ni dhaifu, kwa maana Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Tim. 4:20).

Kanuni ya tatu ni njia panda: ama A, ama B, kama A, basi C, kama B, basi D, kwa hiyo ama C, ama D. Husemwa: "Ama Mungu amepanga upone, ama ufe. Kama ni kupona, dawa haihitajiki. Kama ni kufa, dawa haitasaidia. Basi dawa ni bure." Hapa C na D zote zimefikia neno moja. Hoja hii ni ya kale; Sisero aliijadili katika kitabu chake kuhusu majaliwa, pamoja na jibu la Krisipo Mstoa. Krisipo alisema kwamba kumwita tabibu kwaweza kuwa kumepangwa pamoja na kupona. Kwa hiyo sharti la kwanza ni la uongo: kupona kulikopangwa kwaweza kuja kwa njia ya dawa.

Kipimo chake ni chepesi. Tuweke shamba mahali pa ugonjwa: "Kama Mungu amepanga uvune, kupanda hakuhitajiki." Hakuna mkulima Msharika atakayekubali hoja hiyo. Basi tusimpe mgonjwa hoja ambayo mkulima angeikataa.