Pete mbili, vidole viwili, mfuko mmoja

Wachumba wawili wa Mombasa walikuwa wakivutana kuhusu pete zao za ndoa. Bibi arusi alitaka dhahabu ya karati 18. Bwana arusi ni Mwislamu asiyevaa dhahabu, na dhahabu nyeupe haikumfaa pia, kwa sababu nayo ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine na kwa kawaida huchovywa katika rodi ili ing'ae. Mwenyewe alipendelea tangsteni: ngumu, haikwaruziki ovyo, bei nafuu.

Sonara alianza na vidole, na hapo ndipo wachumba wengi wangepaswa kuanzia. Kifundo cha bwana arusi ni kinene kuliko shina la kidole. Pete ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 20.5 ilipita kifundoni kwa kusukumwa kidogo, lakini ilipofika chini ikawa inazunguka. Ya milimita 19 ingekaa vizuri shinani, ila haipiti. Kidole cha namna hii huchukua saizi ya kifundo, kisha ndani ya pete, upande wa kiganja, hulehemiwa vitone viwili vidogo vya madini vinavyoizuia isizunguke. Tangsteni hailehemiki hivyo kwa sonara wa kawaida, wala haipanuliwi kidole kikinenepa. Fedha ya 925 inakubali yote mawili. Kidole kikawa kimeamua madini.

Fedha ni laini, kwa hiyo pete ya bwana arusi ilifanywa nene, milimita 2, kwa upana wa milimita 5. Alipimwa jioni, kwa pete ya kupimia yenye upana huohuo, maana pete pana hubana zaidi kuliko nyembamba ya saizi ileile, na joto la pwani huvimbisha vidole.

Fedha ilipunguza gharama, lakini pete ya bibi arusi bado ilizidi bajeti. Kidole chake kimenyooka, kipenyo milimita 16.5. Pete ya upana wa milimita 5 na unene wa 1.5 ingekuwa na uzito wa takriban gramu 6.6. Wengi hapa hukimbilia karati 9, yenye dhahabu asilimia 37.5 tu, ambayo rangi yake huwa hafifu zaidi. Yeye alibaki na karati 18, akapunguza upana hadi milimita 3: takriban gramu 3.9. Unene haukuguswa, na naona hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu pete iliyokondeshwa hupinda na kulika mapema.

Ili zifanane, zote mbili zilipewa mgongo wa mviringo na umaliziaji uleule usiong'aa sana.

Ukienda kwa sonara, omba pete ipimwe kwenye mizani mbele yako, utazame chapa ya 750 au 925 ndani yake, na risiti iandikwe gramu, karati na gharama ya ufundi kila kimoja peke yake.