Barua ya Mwenye Kampuni na Barua ya Ofisa Mauzo

Tuchukue kampuni ndogo ya dagaa pale Mwisenge, mjini Musoma. Nimeitunga kwa ajili ya uchambuzi huu ili maneno na hesabu zake zionekane. Inanunua dagaa mwaloni, inawaanika juu ya vichanja badala ya mchangani, na inatafuta wanunuzi wa namna mbili: shule za bweni za Bunda na Butiama, na viwanda vya chakula cha kuku vya Mwanza. Mwenye kampuni anatumia mkurugenzi@mfano.co.tz. Kijana wake wa mauzo anatumia mauzo@mfano.co.tz. Barua ya kwanza kwa mtu asiyewajua itoke kwa nani?

Wengi hujibu haraka kwamba itoke kwa mkubwa, kwa kuwa jina la mkubwa hufungua milango. Ni kweli, lakini mlango ukishafunguka lazima mtu aingie, na hapo ndipo mipango mingi hukwama. Kipimo ninachokiamini ni hiki: barua inaomba jambo gani, na ni nani ndani ya kampuni mwenye uwezo wa kulikubali hapohapo bila kwenda kuuliza?

Kiwanda cha chakula cha kuku hakinunui gunia moja. Kinataka mzigo unaorudi, mara nyingi kwa mkopo wa wiki kadhaa, na dagaa wasio na mchanga, kwa sababu mchanga huongeza uzito na kupunguza protini. Kuna tatizo jingine ambalo kila mvuvi wa Ziwa Victoria analijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Mzigo hupanda wakati wa giza na kushuka mwezi ukiwa mpevu. Kijana wa mauzo hawezi kuamua ni kiasi gani cha akiba kiwekwe, wala nani akopeshwe. Mwenye kampuni anaweza. Kwa hiyo barua ya kiwandani ni yake, na inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, salaam. Mimi ndiye mwenye kampuni ya dagaa iliyopo Mwisenge, Musoma. Tunaanika kwenye vichanja, hivyo mzigo wetu hauna mchanga. Siwezi kukuahidi tani zilezile kila wiki, kwa sababu mbalamwezi hutupunguzia mavuno. Ninachoweza ni kukuwekea akiba wakati wa giza, kwa bei moja kwa miezi mitatu. Ukiona jambo hili linawafaa, nitakuja Mwanza mwenyewe Jumanne au Alhamisi."

Barua ya shuleni ni kazi tofauti. Anayeipokea ni mhasibu au msimamizi wa jiko, mtu mwenye bajeti iliyokwisha kupangwa na wanafunzi wanaosubiri chakula. Anataka kujua bei, siku na mfuko. Kijana wa mauzo anaandika:

"Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Tunauza dagaa wakavu wa vichanja katika magunia ya kilo 20. Bei ya kufikisha shuleni ipo kwenye karatasi niliyoambatanisha, nayo imeidhinishwa hadi mwisho wa mwezi. Magari yetu huja Bunda kila Jumatano. Naomba nilete kilo mbili bila malipo ili wapishi wapike kwanza. Jumatano ijayo nimwone nani jikoni?"

Ziwekeni barua hizi pamoja. Ya kwanza inasema "mimi", inataja udhaifu wa kampuni bila kuulizwa, na inatoa ahadi nzito. Udhaifu ule una nguvu kwa sababu umetamkwa na mtu mwenye mamlaka ya kuufidia. Kijana wa mauzo akiandika kwamba mzigo hushuka wakati wa mbalamwezi, msomaji atajiuliza kwa nini basi anaandikiwa. Ya pili inaanza kwa "tunauza", inaeleza kwamba bei imeidhinishwa ili mhasibu asihangaike kutafuta mkubwa, na inamalizia kwa swali dogo linalojibika kwa jina moja. Mwenye kampuni akiandika mambo ya gunia na gari la Jumatano, anaonekana kama mtu asiye na wasaidizi, na mhasibu ataona haya kumpigia mkurugenzi eti mzigo umechelewa saa mbili.

Shule za serikali zina jambo lake. Ununuzi wa umma sasa hupitia mfumo wa NeST, kwa hiyo hata mkuu wa shule akivutiwa na barua ya mkurugenzi, barua yenyewe haimalizi biashara. Mtu wa mauzo anayejua taratibu za mfumo huo ndiye anayefaa kuandika.

Sasa nije kwenye kosa linalofanywa zaidi kuliko yote, nalo ni kijana kuandika kwa jina la mkubwa. Kwetu mtu akivutiwa na barua pepe mara nyingi hajibu kwa barua. Anapiga simu iliyo chini ya sahihi. Ikipokewa na mtu mwingine anayesema "mkurugenzi yupo safarini", barua nzima imegeuka uongo kwa sekunde chache. Kuna pia namna ya kimyakimya ya kosa hilohilo:

```
From: mkurugenzi@mfano.co.tz
Reply-To: mauzo@mfano.co.tz
```

Msomaji anabonyeza kujibu, kisha anaona jibu lake linakwenda kwa mtu ambaye hakumwandikia. Afadhali mkubwa apokee jibu lile, aandike mistari miwili ya shukrani, amtambulishe kijana kwa jina na kazi yake, na kumweka kwenye nakala. Jeff Bezos wa Amazon alitangaza anwani yake kwa wateja, na malalamiko mengine aliyapeleka kwa mkuu wa kitengo husika yakiwa na alama moja tu ya kuuliza. Aliyetatua tatizo alikuwa mtu mwingine, lakini mkubwa alikuwa amelisoma.

Gharama ya barua ya mkubwa ni siku zake. Jibu la kawaida kwa mkurugenzi ni "karibu ofisini tuonane", na anayekaribishwa ni yeye. Tuseme anaweza kufika kwa wanunuzi wawili kwa wiki, na barua moja kati ya nne hupata mwaliko. Basi barua nane kwa wiki zinamtosha. Akituma arobaini, watu wanane watakaa wakimsubiri baada ya kukaribisha kwa heshima, na hao ni vigumu kuwarudia.

Wingi ukihitajika, utoke kwa mauzo, tena ikibidi kwenye kikoa kidogo cha pembeni kama mauzo.mfano.co.tz chenye rekodi zake za SPF na DKIM. Vichujio vya barua hukumbuka sifa ya kikoa. Google inawataka watumaji wasifikie malalamiko ya barua taka ya asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu moja. Kikoa kikuu kikichafuka, ankara na mikataba ya mkurugenzi nayo itaangukia kwenye barua taka, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mteja wa zamani anayesema hakupata kitu.

Katika kupima ni rahisi kujidanganya. Mkubwa akituma barua ishirini akapata majibu matano, na kijana ishirini akapata matatu, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Fuatilieni kila jibu lilifia wapi. Majibu ya mkubwa yakifia baada ya kukabidhiwa kwa kijana, rekebisheni makabidhiano. Ya kijana yakifia kwenye swali la mkopo au bei ya miezi mitatu, wanunuzi wa namna ile walipaswa kuandikiwa na mwenye kampuni tangu mwanzo.